Mboni nyeupe haitaki dawa ya matone, inataka barua ya rufaa

1/
Wiki iliyopita tulikuwa kwenye degedege, leo tuko kwenye jicho la mtoto. Uzi ni mrefu, kwa hiyo jisogezee chai kabisa.

Hoja yangu ni moja na naiweka hapa juu, ili hata ukiishia hapa uwe umeipata. Mtoto mdogo mwenye weupe ndani ya mboni ya jicho asipewe dawa ya macho na kuambiwa arudi baada ya wiki mbili. Aandikiwe rufaa siku hiyohiyo, hata kama anacheka, ananyonya vizuri na hana maumivu yoyote. Weupe huo unaweza kuwa retinoblastoma, yaani saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo. Ikikutwa mapema mtoto anapona, na mara nyingine hata kuona kwake kunaokolewa. Ikikutwa imechelewa, tunapoteza jicho kwanza, halafu mtoto mwenyewe.

2/
Tuanze na weupe wenyewe. Mboni ni tundu, kama dirisha. Tunaliona jeusi kwa sababu ndani kuna giza, kama unavyoona dirisha la nyumba ya jirani mchana ukiwa nje. Nyuma kabisa ya jicho kuna utando unaopokea picha, unaitwa retina, na nyuma yake kuna damu nyingi. Ukimulika ndani ya mboni na jicho lako likiwa sambamba na mwanga, mwanga unagonga kule nyuma na kurudi na rangi nyekundu au ya chungwa. Kwa watoto wetu weusi rangi hiyo inaweza kuwa hafifu kidogo, kama ya shaba, na hilo ni sawa. Cha muhimu ni macho mawili yafanane.

Retinoblastoma inaanzia kwenye retina. Kuna jeni inaitwa RB1, kazi yake ni kuziambia chembe za mwili ziache kugawanyika. Nakala zake zote mbili zikiharibika ndani ya chembe ya retina, chembe ile inaendelea kugawanyika bila breki. Linajijenga pale donge jeupe, mara nyingi lina chembechembe za kalsiamu kama chokaa. Sasa mwanga ukiingia haugongi damu, unagonga chokaa. Unarudi mweupe. Ndo lile wazazi wanaloita jicho la paka.

3/
Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Weupe huu hauonekani saa zote. Donge likiwa bado dogo na limekaa pembeni, linaonekana tu mtoto akigeuza jicho upande fulani na mwanga ukaingia kwa pembe fulani. Pia mchana kwenye mwanga mkali mboni inajibana inakuwa ndogo, dirisha linafungwa. Jioni inafunguka.

Kwa hiyo mama anauona saa moja usiku akimnyonyesha chini ya taa. Kesho yake anakuja zahanati saa nne asubuhi, jua linawaka, mhudumu anamtazama mtoto sekunde tano usoni anasema, "Mama, mbona mimi sioni kitu?" Mama anaona aibu, anarudi nyumbani.

Wenzangu wa zahanati, naomba tushikane hapa: mama akisema ameona weupe, hesabu kwamba wewe mwenyewe umeuona. Yeye anakaa na jicho lile saa ishirini na nne. Wewe umekaa nalo sekunde tano.

4/
Dalili ya pili ni makengeza. Mtoto mchanga anaweza kupishanisha macho mara mojamoja katika miezi mitatu au minne ya kwanza, na yakajirekebisha. Baada ya hapo, jicho linalokwenda upande wake halipaswi kuachwa eti atakua nalo litakaa sawa. Sababu ni rahisi: donge likikaa katikati ya retina, pale tunapoonea vizuri, jicho haliwezi tena kulenga kitu. Linaacha kufanya kazi na mwenzake, linatangatanga.

Ugonjwa huu karibu wote unatokea kabla mtoto hajafika miaka mitano. Wenye ugonjwa macho yote mawili kwa kawaida huanza mapema zaidi, wengi ndani ya mwaka wa kwanza. Wenye jicho moja huchelewa kidogo, karibu na miaka miwili. Ukijua hilo utaona kwamba hawa ni watoto ambao bado wanakuja kliniki kupimwa uzito. Wanapita mikononi mwetu kila mwezi.

5/
Sasa kwa nini tunawakosa? Watu wanapenda kusema ni uzembe. Mimi nasema ni hesabu.

Retinoblastoma inampata takriban mtoto 1 kati ya kila 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Chukua zahanati inayozalisha watoto 200 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, zahanati hiyo inaweza kukaa miaka 75 au zaidi ndipo ipate mtoto mmoja. Muuguzi anaajiriwa, anafanya kazi, anastaafu, na anaweza asimuone hata mmoja. Lakini nchi nzima, ambako wanazaliwa watoto zaidi ya milioni mbili kwa mwaka, hao wanafika zaidi ya mia moja kila mwaka.

Kwa hiyo huwezi kutegemea uzoefu. Hakuna atakayepata uzoefu wa kitu anachokiona mara moja katika maisha ya kazi. Malaria tunaijua kwa mkono, hii hatutaijua kwa mkono kamwe. Inabidi tuwe na kanuni fupi isiyohitaji mtu awe ameshaona: mboni nyeupe ni rufaa.

6/
Niwaletee kisa. Nimechanganya habari za watoto zaidi ya mmoja ili asitambulike mtu, na vituo sivitaji. Lakini kila hatua hapa ni hatua ninayokutana nayo wodini.

Binti, miezi 14. Mama anaona kitu kinang'aa jicho la kushoto jioni, mtoto akiwa amelala mapajani anatazama pembeni. Siku ya tano yuko zahanati. Siku tano tu, na anatembea kwa mguu. Anapewa mafuta ya macho ya tetrasaiklini, arudi baada ya wiki mbili. Anarudi. Anapewa tyubu nyingine.

Miezi 16 anakwenda kituo cha afya. Pale weupe wanauona kweli. Wanamwambia, "Huyu ana mtoto wa jicho, atapasuliwa akikua kidogo, mlete akifika miaka miwili." Mama anaambiwa na mtu aliyevaa koti jeupe, kwa nini asiamini? Anakaa anasubiri.

7/
Miezi 18 anakuja kwenye chanjo ya pili ya surua na rubela. Anapimwa uzito, anachomwa, kadi inajazwa. Macho hayaangaliwi kwa sababu kwenye ile foleni hakuna aliyeuliza habari za macho.

Miezi 19 jicho linaanza kwenda pembeni. Mama anaona ni ule ule mtoto wa jicho, na ameshapewa tarehe.

Miezi 22 jicho linakuwa jekundu, linaonekana kubwa kuliko lenzake, mtoto analia usiku na anatapika. Hapa presha ya ndani ya jicho imeshapanda, hayo ni maumivu makali. Zahanati wanampa matone ya antibayotiki. Wiki moja haijasaidia, mama anakopa nauli anakwenda hospitali ya wilaya. Pale yupo muuguzi wa macho. Anazima taa, anatazama kwa ofthalmoskopu, hasubiri daktari wa Jumatatu. Barua ya rufaa inaandikwa palepale.

Nauli ya kuja huku rufaa inachukua wiki mbili kupatikana. Binti anatufikia akiwa na miezi 23.

8/
Analazwa usingizi, daktari anaangalia macho yote mawili, anapigwa ultrasaundi ya jicho. Jicho la kushoto limejaa donge na chokaa ndani yake. La kulia salama. Kwa vipimo vya siku ile ugonjwa ulikuwa bado umefungiwa ndani ya jicho. Maana yake bado kulikuwa na nafasi nzuri sana: litolewe jicho, mtoto anapona.

Mama anaambiwa. Anapiga simu nyumbani. Baba anasema asisaini mtu yeyote mpaka akae na wazee. Wanaondoka.

Wanarudi binti akiwa na miezi 26. Jicho limetoka nje ya tundu lake, kope hazifungi. Ugonjwa umepita kwenye mshipa unaounganisha jicho na ubongo. Tulimpa kemo, ikapunguza uvimbe na maumivu kwa muda. Alifariki miezi minne baadaye.

9/
Naomba tufanye hesabu ya mwaka ule mmoja, toka miezi 14 hadi 26, kwa sababu kila nikisikia mtu anasema "wazazi wetu wanachelewesha watoto" naikumbuka.

Mama kuona na kutoka nyumbani: siku tano.
Kuzunguka kwenye vituo vyetu bila rufaa: miezi minane na ushee.
Kutafuta nauli: wiki mbili.
Familia kukataa jicho lisitolewe: miezi mitatu.

Fungu kubwa kuliko yote halikuwa la mama wala la mganga wa kienyeji. Lilikuwa la tyubu za macho na tarehe za kurudi. Na hata ile miezi mitatu ya mwisho nitawaonyesha kwamba sehemu yake ni yetu pia.

Si kwetu peke yetu. Mwaka 2020 ulitoka utafiti mkubwa wa watoto 4,351 kutoka nchi 153. Kwenye nchi tajiri, umri wa katikati wa kugundulika ulikuwa miezi 14. Kwenye nchi maskini kabisa, miezi 30. Huko karibu nusu ya watoto walifika ugonjwa umeshatoka nje ya jicho. Kwenye nchi tajiri hawakufika wawili kati ya mia. Ugonjwa ni uleule. Kinachotofautiana ni miezi.

10/
Turudi kwenye neno lililomponza binti yule: mtoto wa jicho. Ni kweli mtoto wa jicho kwa watoto nao unaleta mboni nyeupe, na unatokea mara nyingi zaidi kuliko saratani. Kuna na magonjwa mengine ya retina yanayofanana. Ndiyo maana mhudumu anaona, "Si lazima iwe saratani, tusimtishe mama."

Lakini sikiliza. Mtoto wa jicho kwa mtoto mdogo sio kama wa babu. Babu anaweza kusubiri mwaka, akapasuliwa na akaona. Ubongo wa mtoto ndo unajifunza kuona. Jicho likikaa limezibwa miezi ile ya mwanzo, ubongo unaliacha, na hata ukija kulipasua baadaye halitaona vizuri. Kwa hiyo kauli ya "subiri akue" ni makosa kwa mtoto wa jicho pia.

Hii ndiyo sababu kanuni yangu haina shida na utambuzi. Huhitaji kujua kama ni saratani au la. Hakuna sababu hata moja ya mboni nyeupe inayofurahia kusubiri. Zote zinakwenda kwa daktari wa macho, zote haraka.

11/
Kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, hii hapa kazi ya dakika tano.

Uliza kwanza: "Mama, umewahi kuona kitu cheupe au kinachong'aa kwenye jicho lake? Macho yanakwenda pamoja?" Swali hilo halihitaji kifaa.

Halafu mwingize mtoto chumba chenye giza, funga pazia. Kama una ofthalmoskopu, kaa umbali wa mkono mmoja, mulika macho yote mawili kwa pamoja, linganisha. Siku hizi kuna vidogo vya kuchaji kwa jua kama Arclight, vinaingia mfukoni. Kama una tochi ya kawaida, iweke karibu na jicho lako, pembeni ya kipaji, utazame kando yake. Ukiishika chini kifuani hutaona chochote, kwa sababu mwanga unarudi ulikotoka, haurudi ulipo wewe. Na ujue mipaka ya tochi: inaonyesha donge kubwa, dogo inalikosa. Kwa hiyo ukiona weupe, ni rufaa. Usipouona na mama ameuona, bado ni rufaa.

12/
Barua yenyewe isiwe "mtoto ana tatizo la jicho". Barua hiyo ikifika inapangwa kliniki ya mwezi ujao. Andika hivi: "Mtoto wa miezi 14, weupe ndani ya mboni ya kushoto, umeonekana tangu tarehe fulani, nashuku retinoblastoma, aonwe haraka." Hilo neno moja linamsogeza mbele ya foleni.

Chukua namba ya simu ya mama na ya mtu mwingine mmoja wa familia. Piga kule unakompeleka. Baada ya wiki moja mpigie mama: umefika? Kama hajafika, swali linalofuata ni nauli, na hapo ndipo ustawi wa jamii, mwenyekiti wa kijiji, msikiti au kanisa wanaingia.

Tiba isiwe hofu ya kwanza ya mzazi. Sera yetu inasema mtoto chini ya miaka mitano hatozwi, na Muhimbili watoto wenye saratani wanatibiwa bila kulipia kwa ushirikiano na Tumaini la Maisha. KCMC Moshi na Bugando Mwanza nako wanatibu saratani za watoto. Mwambie mzazi hayo kabla hajatoka mlangoni, la sivyo atakwenda kuuza ng'ombe kwanza.

13/
Wazazi, na ninyi mna kifaa: simu. Chumba chenye mwanga hafifu, flashi imewashwa, ile sehemu ya kuondoa macho mekundu imezimwa. Simama kama mita mbili au tatu, piga picha kadhaa, mtoto akitazama mbele, kulia, kushoto, juu. Kama jicho moja linarudisha wekundu na jingine weupe au njano, tunza hiyo picha na uje nayo. Usiifute, usiipambe.

Mambo mawili ya kuelewa. Moja, kwenye picha moja mtoto akiwa ametazama pembeni kidogo kuelekea puani, mwanga unaweza kugonga pale mshipa wa jicho unapoingilia, ambapo ni peupe kwa kila mtu. Kwa hiyo rudia picha, usizimie. Lakini ukirudia na weupe ukaja tena, au umeuona hata kwa macho, usibishane na simu, nenda. Mbili, picha nzuri haimsafishi mtoto. Kama una wasiwasi, macho yapimwe hata kama picha zote ni nyekundu.

14/
Sasa ile miezi mitatu ya familia. Wengi hapa mtasema ni ujinga wa wazee. Mimi nimekaa na hao wazee. Baba anaambiwa ghafla, kwenye korido, kwa lugha ya hospitali, kwamba mwanae anayecheza ang'olewe jicho. Anawaza tundu usoni, anawaza mwanae kuitwa chongo, na mtaani kuna uvumi kwamba macho yanauzwa. Nani angesaini?

Hakuna aliyemwambia kwamba jicho lile lilikuwa limeshapofuka siku nyingi, kwa hiyo kuona hakupotei pale mezani, kulishapotea. Hakuna aliyemwambia kwamba mtoto analala usingizi, hasikii kitu, na siku chache tu baadaye anakimbia wodini. Kope zinabaki, ndani panawekwa kitu cha duara kujaza nafasi, na baada ya wiki kama sita au zaidi, kidonda kikishakauka, anavalishwa jicho la bandia. Ukikutana naye barabarani inabidi uangalie mara mbili.

Hakuna pia aliyemwambia kwa nini hatukati kipande tukapime kwanza, kama uvimbe mwingine. Jicho hili hatulichomi sindano kuchukua kipande, kwa sababu tundu la sindano linaweza kufungulia ugonjwa njia ya kutokea. Jicho likishatolewa zima, na kipande kirefu cha mshipa wake, ndipo maabara wanaangalia kama ugonjwa umefika mwisho wa ule mshipa. Kama haujafika na hakuna dalili nyingine mbaya, wapo watoto ambao tiba yao inaishia hapo. Hata kemo hawahitaji.

15/
Kwa hiyo naamini mazungumzo ya kutoa jicho yaanze siku ya kwanza, na yaanze na mwenye kauli nyumbani. Kama ni baba, baba apigiwe simu. Kama ni babu, babu. Kule kwenye zahanati usimwahidi mama kwamba "watampa dawa nzuri huko". Mwambie, "Inawezekana wakasema jicho litolewe ili mtoto aishi. Mkiwahi, inawezekana wasilitoe. Njoo na mzee wako." Na sisi huku rufaa tumkutanishe mzazi mpya na mzazi ambaye mwanae ameshavaa jicho la bandia. Dakika kumi za huyo mzazi zinashinda saa nzima ya daktari.

Wengine wananiambia, "Utawatisha watu, watakimbia." Nimeona kinyume chake. Anayekimbia ni yule aliyesikia jambo hili mara ya kwanza akiwa peke yake, mbali na kwao, karatasi ya kusaini ikiwa mbele yake.

16/
Kisa cha pili, kifupi. Mvulana, miezi 9, amekuja chanjo ya kwanza ya surua na rubela. Muuguzi wa zahanati akauliza lile swali la macho. Mama akatoa simu: "Nesi, hii picha inanisumbua, dada yangu anasema ni flashi." Barua ikaandikwa kabla chanjo haijachomwa. Siku ya nne wako kwetu, baba na mama wote.

Alipolazwa usingizi, jicho la kushoto lilikuwa limejaa. La kulia, ambalo hakuna aliyelishuku, lilikuwa na madonge mawili madogo pembeni, mbali na kitovu cha kuonea. La kushoto likatolewa. La kulia likapewa kemo mizunguko sita, takriban kila wiki tatu hadi nne, pamoja na leza kuchoma mabaki. Leo yuko darasa la awali, anaona kwa jicho la kulia, anasoma ubao.

Mngempa huyo tyubu mbili za tetrasaiklini na tarehe, yale madogo mawili yangekuwa makubwa mawili. Hapo kungekuwa na uamuzi wa macho yote.

17/
Na kitu kimoja wengi hawakijui: mtoto mwenye ugonjwa macho yote mawili amebeba ile jeni iliyoharibika mwili mzima, na akija kuzaa, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Baadhi ya wenye jicho moja pia wanayo. Kwa hiyo wazazi wake waangaliwe macho, na wadogo zake waangaliwe tangu wiki za kwanza za kuzaliwa, kisha mara kwa mara, bila kusubiri weupe uonekane. Mdogo wake yule mvulana alianza kuangaliwa akiwa mchanga kabisa. Kama kuna mtu kwenu alitolewa jicho utotoni na hamkuwahi kuambiwa kwa nini, mtajieni muuguzi siku mkipata mtoto.

18/
Wakubwa wa wilaya mnaosoma hapa, hoja ya kwamba rufaa zitajaa hospitali naijua. Rudi kwenye hesabu ya post ya tano. Hata ukiongeza watoto wote wa mtoto wa jicho, zahanati moja itaandika barua chache mno za mboni nyeupe, nyingine mwaka mzima haitaandika hata moja. Hakuna foleni itakayojaa kwa hilo. Ninachoomba ni vitu viwili: swali la macho liulizwe kwa sauti kwenye chanjo ya miezi 9 na ya miezi 18, na pawe na maandishi ukutani, juu ya kabati la dawa za macho, "Mboni nyeupe: usitoe dawa, andika rufaa leo."

Wazazi, kama umeshaambiwa "subiri akue" kuhusu weupe kwenye mboni, usisubiri. Kesho asubuhi nenda ukaombe rufaa, na ukinyimwa nenda hospitali ya wilaya uulizie kitengo cha macho. Beba kadi ya kliniki na picha.

Maswali wekeni hapo chini, nikitoka zamu nitajibu. Picha za macho ya watoto wenu msiziweke hadharani, nitumieni pembeni. Wiki ijayo inshallah tunaendelea na mtoto wa jicho kwa watoto wachanga, kwa sababu naona tayari mmeanza kuuliza.